Diski ilipasuka, au fundi alikuwa mzembe? Mwongozo wa kuandika taarifa ya ajali kazini

Msimamizi wa karakana moja ya mageti na madirisha aliandika hivi jioni ya siku ya ajali, katika rasimu yake ya kwanza:

“Fundi kwa uzembe wake aliondoa kinga ya grenda na kufunga diski kubwa ili amalize kazi haraka, diski ikapasuka na kumkata mkono, na pia hakuwa amevaa miwani.”

Ukiisoma upesi unaona imekamilika. Mhusika yupo, sababu ipo, matokeo yapo. Shida ni kwamba diski ilipopasuka, msimamizi alikuwa getini akipokea mzigo wa mabomba. Alifika akamkuta fundi ameshika mkono unaovuja damu na vipande vya diski vimetapakaa sakafuni. Hayo mawili, kidonda na vipande, ndiyo aliyoyaona. Mengine yote aliyajaza mwenyewe njiani kati ya geti na meza ya kazi, na mtu yeyote angeyajaza vilevile.

Nitakitumia kisa hiki mwanzo hadi mwisho, bila jina la mtu wala la mahali, kwa sababu grenda ndogo iliyofungwa diski kubwa ni jambo ambalo karakana nyingi zinalijua, na kwa sababu karibu kila kosa la uandishi wa taarifa limo ndani ya sentensi ile moja.

Saa ya kwanza: kabla ufagio haujapita

Majeruhi kwanza. Akishafungwa kidonda na kupelekwa hospitali, chomoa plagi ya mashine na uweke mtu wa kuzuia watu wasisogee. Kwetu mtu akiumia, wenzake humwaga mchanga juu ya damu na kufagia mara moja, kwa nia njema kabisa, maana hakuna anayependa kuiangalia damu ya mwenzake. Ila ufagio ule unaondoka na nusu ya taarifa yako. Waombe wakupe dakika ishirini.

Katika dakika hizo piga picha. Anza mbali, ili meza, mlango na mashine vionekane pamoja, kisha sogea karibu na uweke tepu kando ya kila kitu ili ukubwa wake ujulikane. Usiifungue nati ya diski. Kipande kilichobaki kwenye mashine kinaonyesha kilivyokuwa kimefungwa, na ukishakitoa hutaweza kukirudisha kama kilivyokuwa. Vipande vilivyoruka vipimie umbali kabla ya kuviokota, halafu kila kimoja kiingie kwenye bahasha yake iliyoandikwa kilipokutwa.

Kisha soma maandishi yaliyo kwenye vifaa vyenyewe, na hapa ndipo kisa chetu kilipoanza kubadilika sura. Kibao cha grenda kilisema ni mashine ya diski ya milimita 115, mizunguko 11,000 kwa dakika. Kwenye kipande kikubwa cha diski ilisomeka milimita 180, na mizunguko isiyozidi 8,500 kwa dakika. Pete ya chuma ya katikati ilikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na ilikuwa haijapita. Tundu la diski zote mbili, ndogo na kubwa, ni milimita 22.23, ndiyo maana kubwa inaingia kwenye mashine ndogo bila ubishi. Kinachoizuia isiingie ni kinga, kwa kuwa kinga ya 115 haina nafasi ya diski ya 180.

Hakuna maoni hata moja katika aya hiyo. Ni maandishi yaliyosomwa na kupigwa picha, na yeyote atakayefungua bahasha atayakuta yaleyale.

Jambo moja kuhusu saa. Andika muda kwa namna isiyoweza kusomwa mara mbili. Sisi tunasema “saa nne”, kamera ya ulinzi inaandika 10:20, na taarifa ikifika kwa mtu wa bima aliyezoea saa za kizungu, “saa 4:20” inageuka kuwa jioni. Andika “saa 4:20 asubuhi (10:20)”. Na kabla ya kuiamini saa ya kamera, ilinganishe na simu yako. Ya karakana hii ilikuwa mbele kwa dakika saba, na tofauti hiyo iliandikwa ndani ya taarifa, haikurekebishwa kimyakimya.

Kuwasikiliza waliokuwepo

Zungumza na mmoja mmoja, siku hiyohiyo, kabla hawajakaa pamoja kunywa chai. Chai ikishanywewa, watu watatu wanakuwa na kisa kimoja, na kisa hicho ni cha yule mwenye sauti kubwa.

Saidia fundi, kijana aliyekuwa ameshika bomba upande wa pili wa meza, aliulizwa hivi:

“Pole, mdogo wangu. Ulikuwa umesimama wapi?”

“Hapa, kaka. Nimeshika bomba, yeye anakata.”

“Ukaona nini?”

“Nikaona jiwe limekwama, likapasuka.”

“Uliliona limekwama?”

Alinyamaza kidogo. “Hapana, kulionaje na cheche zile? Nilisikia mlio wa mashine umebadilika, ukawa mzito. Halafu pah!”

Kijana hakudanganya. Masikio yake yalisikia mlio mzito, akili yake ikatafsiri kuwa jiwe, yaani diski, limekwama, na mdomo ukatoa tafsiri badala ya sauti. Karibu kila shahidi hufanya hivyo. Kazi yako ni kumrudisha hatua moja nyuma, bila kumbana, kwa maswali ya macho na masikio: ulisimama wapi, ulikuwa unatazama nini, ulisikia nini, umejuaje? Hilo la mwisho liulize kwa upole, maana likitamkwa vibaya linasikika kama “unaongopa”.

Swali la kuepuka ni lile lililobeba jibu tumboni. “Kwa nini aliondoa kinga?” limeshaamua kwamba yeye ndiye aliyeiondoa. Uliza “Kinga ilikuwaje asubuhi?” na uandike jibu kwa maneno ya msemaji.

Katika kisa hiki jibu lilikuja kwa namna mbili. Fundi, akiwa kitandani baada ya kushonwa, alisema aliikuta grenda haina kinga alipoichukua Jumatatu. Mtunza zana, mzee wa makamo ambaye hakufurahia kuulizwa, alisema aliitoa ikiwa na kinga. Daftari la zana lina sahihi ya fundi ya Jumatatu, lakini halina safu ya kuonyesha kama kinga ilikuwepo.

Hapa waandishi wengi huteleza. Wanamchagua wanayemwamini, kisha wanaandika kauli yake kana kwamba ni ukweli uliothibitika. Usichague. Andika zote mbili, kila moja na mwenye nayo, halafu andika na daftari linavyosema. Ukweli unaoweza kuusimamia ni kwamba watu wawili wamesema mambo mawili tofauti na hakuna maandishi yanayoamua kati yao.

Kuivunja sentensi vipandevipande

Sasa rudi kwenye rasimu. Chukua karatasi, andika kila dai kwenye mstari wake, na mbele yake jaza jibu la swali moja: nani anajua, na amejuaje? Dai lisilo na jibu haliingii kwenye maelezo ya tukio.

“Kwa uzembe wake.” Nani ameuona uzembe? Uzembe hauonekani. Kinachoonekana ni kitendo, na hukumu juu ya kitendo ni ya mwingine, siku nyingine. Linafutwa, wala halibadilishwi kwa neno laini zaidi. “Kutokuwa makini” ni uzembe uleule uliovaa koti.

“Aliondoa kinga.” Hakuna aliyemwona akiiondoa. Kinachojulikana ni kwamba baada ya ajali kinga haikuwepo kwenye mashine wala juu ya meza. Dai linapungua hadi kufikia hapo.

“Kufunga diski kubwa.” Saidia fundi alimwona akiifunga, na fundi mwenyewe amekubali. Linabaki, pamoja na vipimo, kwa sababu “kubwa” bila namba ni maoni pia.

“Ili amalize kazi haraka.” Nia iko kifuani mwa mtu. Fundi alipoulizwa alisema diski ndogo zilikuwa zimeisha. Daftari la stoo lilifunguliwa: diski ya mwisho ya 115 ilitolewa Jumamosi, salio sifuri. Diski za 180, ambazo ni za grenda kubwa iliyokuwa imepelekwa kwa fundi wa umeme, zilikuwa kumi na moja. Angalia tofauti inayotokea. Rasimu ilikuwa na mtu mwenye haraka, daftari lina stoo isiyo na diski sahihi. Haraka huenda ilikuwepo, lakini haiwezi kuandikwa kama jambo lililoonekana.

“Diski ikapasuka.” Limethibitika kwa vipande vinne. Kimoja kilikutwa mlangoni, mita 4.2 kutoka kwenye meza, kwa kipimo cha tepu.

“Na kumkata mkono.” Karibu ni kweli, lakini bado ni hitimisho. Kidonda kingeweza kusababishwa na bomba au ncha ya meza. Fundi alisema alihisi kitu kimempiga mara tu baada ya mlio, na kipande kimoja kilikuwa na damu. Andika hayo mawili, na msomaji atafika mwenyewe.

Na kidonda chenyewe? Mtu asiye daktari huandika alichokiona: kidonda upande wa ndani wa mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja, urefu wa kama sentimita 6 kwa kukadiria. “Mshipa umekatika” na “mfupa umeguswa” vinasubiri karatasi ya hospitali. Kukadiria kunaruhusiwa, mradi useme umekadiria.

“Hakuwa amevaa miwani.” Msimamizi alimkuta hana miwani usoni na akaiona juu ya kabati. Saidia fundi alisema fundi alikuwa amevaa miwani wakati wa kukata, na kwamba yeye mwenyewe, saidia fundi, ndiye aliyemvua ili ampanguse jasho. Laiti rasimu ingepelekwa ilivyo, fundi angekutwa na kosa ambalo shahidi aliyekuwa karibu naye zaidi anasema hakulifanya.

Kitenzi kinavyoweza kukusaliti

Kiswahili kina ujanja wake ambao mwandishi wa taarifa lazima aujue. “Kinga iliondolewa” inasikika kama sentensi isiyomlaumu mtu, kumbe imeshathibitisha kwamba yupo mtu aliyeiondoa, ila tu imemficha. “Kinga ilitoka” imeshaamua kwamba ilianguka yenyewe. “Kinga haikuwepo” haisemi lolote zaidi ya kilichoonekana. Vivyo hivyo “alianguka” na “aliangushwa”, “mlango ulifunguka” na “ulifunguliwa”. Kiambishi kimoja kinambebesha mtu mzigo au kinamtua, na mara nyingi mwandishi hajatambua.

Maneno mengine ya kuyapekua ukishamaliza kuandika ni haya: kumbe, eti, inaonekana, bila shaka, lazima atakuwa, kama kawaida yake, ghafla. “Kama kawaida yake” ni baya kuliko yote, kwa sababu linaingiza historia nzima ya mtu bila ushahidi. “Inaonekana” ni jepesi kudanganya, kwani asili yake ni kuona, lakini tunalitumia tunapokuwa hatujaona. Na “bahati mbaya” tuwaachie watoa pole. Ni neno jema msibani, ila kwenye taarifa linafunga mlango wa kuuliza sababu.

Kuiandika upya

Maelezo ya tukio huandikwa kwa mfuatano wa saa, sentensi fupi, kila jambo na chanzo chake. Rasimu ya pili ya karakana ile ilikuwa hivi, isipokuwa kwamba kwenye ile halisi watu wameandikwa kwa majina kamili na vyeo:

“Jumanne, saa 4:20 asubuhi (10:20, kamera ilionyesha 10:27, saa yake iko mbele kwa dakika 7), fundi alikuwa akikata bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 kwenye meza namba 2. Saidia fundi alikuwa ameshika bomba upande wa pili, kama mita moja na nusu kutoka kwa fundi (makadirio yake). Grenda ni ya diski ya milimita 115, mizunguko 11,000 kwa dakika (kibao cha mashine, picha 3). Diski iliyofungwa ilikuwa ya milimita 180, kikomo mizunguko 8,500 kwa dakika (maandishi ya diski, picha 5). Saidia fundi amesema alimwona fundi akifunga diski hiyo, fundi amekubali. Saidia fundi amesema alisikia mlio wa mashine ukiwa mzito, kisha mpasuko. Fundi amesema alihisi kitu kikimpiga mkono wa kushoto. Kamera haionyeshi meza namba 2. Inaonyesha mlango, na kipande kikifika mlangoni. Msimamizi hakuwepo kwenye meza. Alifika baada ya kusikia mlio. Kinga haikuwepo kwenye mashine wala mezani (msimamizi, picha 3 na 4). Fundi amesema aliikuta mashine haina kinga Jumatatu. Mtunza zana amesema aliitoa ikiwa na kinga. Daftari la zana halionyeshi.”

Haina mvuto kama ile ya kwanza, na haipaswi kuwa nao. Ila sasa mkaguzi anaweza kuichukua sentensi yoyote na kwenda kuihakiki.

Chini yake weka sehemu fupi ya mambo yasiyojulikana bado. Wengi huiogopa sehemu hii, wakidhani inawaonyesha hawakufanya kazi. Kwa kisa chetu ilikuwa na mistari mitatu: kinga iko wapi na tangu lini haikuwepo kwenye mashine, kama diski ilikuwa na ufa kabla ya kufungwa, na kama ilibanwa ndani ya bomba.

Maoni yana chumba chake

Maoni hayatupwi. Mwenye kuandika taarifa mara nyingi ndiye anayeijua kazi kuliko wasomaji wake, na ni hasara akinyamaza. Yahamishie kwenye sehemu inayojitaja waziwazi kuwa ni ya uchambuzi, na kila wazo liseme limesimama juu ya lipi.

Hapa unaweza kupiga hesabu. Diski ya milimita 180 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 104 kwa sekunde, ilhali diski hiyo imetengenezwa kwa mita 80. Kwa hiyo ni haki kuandika: “Kwa maoni yangu mwendo uliozidi kikomo ni sababu inayowezekana sana. Siwezi kuondoa uwezekano wa diski kubanwa, kwa kuwa shahidi alisikia mlio mzito.” Mlio mzito unaendana na kubanwa, mashine inapolemewa. Unaweza pia kuwa ulitokana na diski pana kuielemea mota ndogo. Vipande vilivyo ndani ya bahasha ndivyo mtaalamu atakavyovitazama, na ndiyo maana havikufagiwa.

Mapendekezo nayo yatoke kwenye yaliyothibitika. “Mafundi wawe makini” halitokani na lolote na halitekelezeki. “Diski za 115 ziagizwe salio likifika tano” linatokana na daftari la stoo. “Daftari la zana liongezwe safu ya kinga, isainiwe wakati wa kutoa na kurudisha” linatokana na mgongano wa kauli mbili ambao hakuna aliyeweza kuuamua.

Kusaini, kupeleka na kuongeza

Msomee kila shahidi sehemu yake tu, naye asaini kwamba ndivyo alivyosema. Akitaka kubadili, usifute. Andika “baada ya kusomewa, amesema pia kwamba...” na tarehe. Mzee wa zana aligoma kusaini hadi neno “anadai” lilipobadilishwa kuwa “amesema”, na alikuwa na haki. “Anadai” lilimfanya aonekane mwongo, wakati kauli ya fundi iliyokuwa juu yake iliandikwa “amesema”. Tumia kitenzi kimoja kwa wote.

Usiisubirishe taarifa mpaka kila kitu kijulikane. Tanzania, mwajiri anatakiwa kuuarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ndani ya siku 7 tangu ajue mfanyakazi wake amepata ajali. Kenya, sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka kifo kiarifiwe ndani ya saa 24 na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Taarifa yenye “haijajulikana” tatu inapokelewa. Iliyojazwa kwa kubahatisha nayo inapokelewa, lakini atakayebanwa kuitetea ni wewe.

Linapojitokeza jipya baada ya kupeleka, taarifa ya kwanza haiguswi. Unaandika nyongeza yenye tarehe yake. Karakana ile iliandika yake siku ya nne, mistari miwili tu: “Ijumaa saa 2:10 asubuhi (08:10) dereva alikuta kinga ya grenda ya 115 ndani ya sanduku la zana la gari la kupeleka mizigo, pamoja na skrubu yake. Aliyeiweka humo hajajulikana.”